Njoo, njooni, naomba uje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuamrisha mtu mmoja na kuamrisha wengi

Mimi nafundisha Kiswahili hapa Moshi, asubuhi watoto wa sekondari, jioni wageni wachache waliokuja kujitolea, na katikati ya hapo ndugu na majirani wananitumia meseji zao niziangalie kabla hawajazirusha kwenye magrupu ya harusi na misiba. Kwa hiyo maswali ya amri nayapata kutoka kila upande, na nimegundua karibu yote yanazunguka silabi moja tu, ile -ni ya mwishoni. Nimeyaandika hapa ili nisirudie kueleza kila siku.

Amri ya mtu mmoja inatengenezwaje?

Unatoa ku- ya mbele, kinachobaki ndo amri. Kusoma inakuwa soma, kufunga inakuwa funga, kusubiri inakuwa subiri, kujibu inakuwa jibu. Hakuna kingine cha kuongeza. Vile vitenzi vifupi vyenye silabi moja, kula na kunywa, vyenyewe vinabaki na ku- yao maana ukiitoa unabaki na kitu kisichosimama chenyewe, ndo maana bibi anakwambia "kula mjukuu wangu" na sio "la mjukuu wangu", ambayo maana yake ni nyingine kabisa na utalala njaa.

Na wakiwa wengi?

Hapo ndo -ni inaingia. Angalia irabu ya mwisho ya kitenzi. Kama kinaishia na a, hiyo a inageuka kuwa e halafu unapachika -ni: soma, someni. Funga, fungeni. Kula, kuleni. Kama kinaishia na e, i au u, hugusi kitu, unapachika -ni tu: samehe inakuwa sameheni, subiri inakuwa subirini, jibu inakuwa jibuni. Hivi vya kundi la pili vingi tumevipata kwa Waarabu, ila huna haja ya kujua kitenzi kimetoka wapi, angalia tu kinaishia na nini.

Kosa ninaloliona sana kwa wageni ni "subireni" na "jibeni", wameshika kanuni ya a wakaipeleka kwa kila mtu. Ukisikia mtu anasema "rudeni" ujue kajifunza nusu ya somo.

Halafu usichanganye -ni hii na ile ya mahali. Mama akisema "kaeni nyumbani" hapo kuna -ni mbili na kila moja ina kazi yake, ya kwanza inasema naongea na nyie wote, ya pili inasema ni ndani ya nyumba. Zimefanana sura tu, undugu hazina.

Mbona sisikii mtu akisema "kuja" au "enda"?

Kwa sababu kuna vitatu vina vichwa vigumu. Kuja amri yake ni njoo, wengi njooni. Kwenda ni nenda, wengi nendeni. Kuleta ni lete, wengi leteni. Mtaani utasikia "leta" kila kona na hakuna anayeshtuka, ila kwenye mtihani andika lete. Cha kuangalia ni kwamba ukitoka kwenye amri ya moja kwa moja, ukaenda kwenye ombi au katazo, hizo sura za ajabu zinapotea: tunasema uje, usije, mje, msije, na uende, usiende, mwende, msiende. Hakuna "usinjoo". Machalii wa Chuga wanasema "ukuje" na "mkuje", nawaelewa vizuri tu, ila barua ya kuomba kazi usiiandike hivyo.

Kwa nini tunasema "nipe" na sio "nipa"? "Nisaidie" na sio "nisaidia"?

Ukishamtaja anayetendewa ndani ya kitenzi chenyewe, ile a ya mwisho inageuka e hata kama unaongea na mtu mmoja. Saidia, lakini nisaidie. Ita, lakini mwite. Soma, lakini kisome (kitabu). Wakiwa wengi unaongeza -ni yako kama kawaida: nisaidieni, mwiteni, kisomeni.

Vile vinavyoishia na e, i, u havibadiliki, hata hapa. Mfano wake unao kichwani tangu shule ya msingi kwa sababu umeuimba kila asubuhi umesimama wima: Mungu ibariki Afrika. Bariki inaishia na i, kwa hiyo ni ibariki na sio "ibarike". Mwanafunzi wangu akisahau kanuni hii namwambia aimbe wimbo wa taifa kimoyomoyo halafu arudi kwenye swali.

Nikiongea na mzee mmoja, nitumie -ni ili kumheshimu?

Hapana. Hili swali huwa linatoka sana kwa waongoza watalii wa Arusha waliosomea Kifaransa au Kijerumani. Kifaransa unapomheshimu mtu mmoja unamwita kwa neno lile lile unalowaitia watu wengi, kwa hiyo mtu akishazoea hivyo anataka aje amwambie babu yake "karibuni babu, kaeni hapa". Babu atageuka nyuma kuangalia nani mwingine kaingia naye.

Kiswahili hiki tunachoongea na kuandika, umoja ni umoja, awe mtoto wa chekechea au askofu. Ushahidi mzuri ni sala. Kwenye Baba Yetu tunasema "utupe leo", "utusamehe", "utuokoe", yote hiyo u- ni ya mmoja. Kama kungekuwa na wingi wa heshima kwenye lugha hii, nadhani Mungu angekuwa wa kwanza kupewa. Hajapewa. Kuna makabila ambayo kwenye lugha zao mkubwa anaitwa kwa wingi na watu wanakuja nayo hiyo tabia kwenye Kiswahili chao, ukimkuta mtu wa namna hiyo usimcheke, anakuheshimu. Ila ukimjibu, na yeye yuko peke yake, mjibu kwa umoja, hutakuwa umemkosea.

Na ukiitazama tena hiyo sala utaona kitu kingine, haisemi "tupe", inasema "utupe". Hiyo u- ya mbele na e ya nyuma ndo mlango wa swali linalofuata.

Basi heshima inakaa wapi, kama haikai kwenye -ni?

Inakaa sehemu kama tatu, na mara nyingi unazitumia zote kwa pamoja bila kujua.

Ya kwanza ni hiyo sura ya u-...-e, na wingi wake m-...-e. Soma ni amri, usome ni kama unamwekea jambo mbele yake alichukue. Fika saa mbili, hiyo ni ya mkuu wa kikosi. Ufike saa mbili, hiyo ni ya mtu mwenye adabu, ingawa na yenyewe bosi akiisema kwa sauti fulani inabana kuliko amri. Wingi wake ni mfike. Angalia hapo -ni imepotea, na inatakiwa ipotee, maana m- ya mbele ishasema tayari kwamba ni nyie. Ukiandika "mfikeni" umewahesabu watu mara mbili. Kitenzi kikianza na irabu hiyo m- inakuwa mw-: mwende, mwandike, mwondoke. Watu wengi wanaandika muende na muandike, siwezi kupigana na nchi nzima.

Ya pili ni naomba. Hili neno ndo linaendesha maisha ya Tanzania. Ingia dukani kwa mangi hapa Pasua usimame sekunde ishirini usikilize: "mangi naomba sukari robo", "naomba vocha", "naomba chenji yangu", mtu anaomba mpaka kitu chake mwenyewe. Ukisema "nipe sukari" hutafukuzwa, kama mnajuana ni sawa kabisa, lakini mgeni akiingia na "nipe" mangi anakuhudumia bila kukuangalia usoni. Ukivuka Holili kwenda Taveta, au Namanga ukiwa unatokea Arusha, utasikia "nipe" na "nipatie" zinarushwa na hakuna aliyekasirika, wenzetu Kenya kwao ndo kawaida. Mimi nilipokaa huko wiki mbili nilidhani kila mteja anagombana na muuzaji, kumbe wananunua tu.

Ya tatu, ambayo vitabu huwa vinaisahau, ni jina la mtu. Sio jina lake la cheti, nasema mama, baba, babu, bibi, dada, kaka, mzee, mwalimu. "Sogea" ni kusukuma mtu. "Mama sogea kidogo" ni ombi, na kitenzi hakijabadilika hata herufi moja. Kwenye vifodi konda wetu anawaambia abiria "mama yangu sogea hapo, kaka simama vizuri, tubanane kidogo jamani" na watu wanabanana. Akitoa hayo majina akabaki na vitenzi vitupu, hafiki Kiboriloni bila ugomvi.

Na hiyo "kidogo" usiichukulie kama kipimo. Nisaidie kidogo haimaanishi nisaidie kwa asilimia kumi.

Tafadhali je?

Ipo na ni sahihi, ila mdomoni ni nzito kidogo, inanukia tangazo la ofisini au mtu aliyeanza kukasirika. "Tafadhali ondoka hapa" ina ukali ambao "naomba utupishe" haina. Wageni wanaipenda kwa sababu walifundishwa siku ya kwanza kwamba hilo ndo neno la adabu, halafu wanalipachika kila sentensi, mtu anasema "tafadhali maji, tafadhali kijiko". Mhudumu anaelewa. Lakini "naomba kijiko" ndo sisi.

"Naomba nisaidie" ni sahihi?

Inategemea ulitaka nini, na hili ni kosa zuri kweli kulichunguza. Baada ya naomba tunaweka ile sura ya -e yenye mtendaji mbele. Nikitaka wewe unisaidie, mtendaji ni wewe, kwa hiyo naomba unisaidie. Sasa "naomba nisaidie" ukiisoma vizuri mtendaji ni mimi, ni sawa na naomba nipite au naomba nikae, yaani naomba ruhusa ya kusaidia. Mtu kabeba ndoo mbili za maji anakwambia "naomba nisaidie", kisarufi anaomba akubebee na wewe mzigo wako.

Mtaani tunaelewana kwa sababu tunaziona ndoo. Kwenye meseji ndoo hazionekani, kwa hiyo andika naomba unisaidie, na kwa wengi naomba mnisaidie. Ukitaka kubaki na "nisaidie" weka mkato wa pumzi katikati, naomba, nisaidie, hapo zinakuwa sentensi mbili na kila moja inasimama yenyewe.

Kukataza kunafanyikaje?

Huwezi kukataza kwa amri tupu, lazima uende kwenye sura ya -e na uweke si katikati. Mmoja: usisome, usile, usiogope, usijibu. Wengi: msisome, msile, msiogope, msijibu. Tena hapa hakuna -ni. "Usiogopeni" utaisikia kwa mtu mwenye haraka, inajaribu kuwa ya mmoja mbele na ya wengi nyuma. Iache.

Kuna na ile ya kumtahadharisha mtu na jambo ambalo hajalifanya bado, usije ukasahau, msije mkachelewa. Inapoza, kwa sababu inaonyesha kwamba humshuku, unamkumbusha tu.

Nikitaka kutoa amri mbili mfululizo?

Ya kwanza iwe amri, ya pili iende kwenye sura ya -e. Chukua kiti ukae. Njoo ule. Kama ya kwanza ni ya kwenda mahali, ya pili inachukua ka: nenda ukamwite mwalimu. Kwa wengi kila kitu kinahama, chukueni viti mkae, njooni mle, nendeni mkamwite mwalimu.

Watu wakiwa na haraka wanakata u- ile, nenda kamwite, na hata nenda wanaiacha, kamwite! Kalale! Kanunue chumvi kwa mangi. Watoto wakiwa wengi mama anasema kalaleni, au nendeni mkalale. Hapo mimi natofautisha hivi, kalaleni ni saa mbili usiku, nendeni mkalale ni saa nne na uvumilivu umebaki kidogo.

Kinachoharibika hapa ni mtu kuanza na wengi akamaliza na mmoja. "Njooni ule" nimeisikia kwenye sherehe kwa masikio yangu, meza nzima ikaangaliana nani huyo mmoja atakayekula.

"Msaidie" maana yake nini hasa?

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote. Nikisema "msaidie" kuna uwezekano mara mbili. Kwanza, m- ni yeye, anayetendewa, na naongea na mtu mmoja: wewe, msaidie huyo bibi. Pili, m- ni nyie, mnaotenda, na ni ombi kwa wengi: naomba msaidie, yaani nyie nyote mtoe msaada. Neno moja, herufi zile zile, mkazo ule ule. Mwite nayo ni hivyo, inaweza kuwa ita yeye au nyie muite.

Utazitenganishaje? Kama mbele kuna naomba, inabidi, lazima, au kitu cha kuitegemea, mara nyingi m- ni nyie. Kama imesimama yenyewe mwanzo wa sentensi, m- ni yeye. Ukitaka wengi wamsaidie yeye, huna budi kuonyesha wote wawili: msaidieni, au naomba mumsaidie. Hapo mu- ni nyie na m- ni yeye na hakuna wa kupotea. Hii mumpe, mumwite, mumsaidie wanafunzi wanaiona kama kigugumizi, lakini kila kipande kina mtu wake.

Tatizo la namna hiyo hiyo lipo kwa wa-. "Nitawaita" ni nyie au ni wale? Ndo maana MC na wahubiri wanapachika -ni hata mahali ambapo hakuna amri: nawaombeni, nawaambieni, nawashukuruni. Ile -ni inasema ni nyie mnaonisikiliza, sio watu wengine huko nje. Utaona kazi yake haijabadilika tangu swali la pili.

Twende na twendeni zina tofauti gani?

Twende ni mimi na wewe. Twendeni ni mimi na nyie, kuanzia wawili kwenda juu. Tu- inasema na mimi nimo, -ni inasema nyie mko wengi. Pale geti la Marangu kiongozi wa msafara akiwa na mgeni mmoja anamwambia twende, akigeukia wapagazi wake anasema haya twendeni. Ni hiyo tu. Na wengi hawafuati, wanasema twende hata kwa watu thelathini, na hapo mimi simkosoi mtu maana twende yenyewe tayari ina wingi wa sisi. Kosa ni kinyume chake, kumwambia mpenzi wako peke yake "twendeni".

Kama watu wengi ndo wanasoma, kwa nini bango limeandikwa kwa mmoja?

Umeona vizuri. "Abiria chunga mzigo wako" kila mtu anaijua, na abiria ni wengi, lakini ni chunga na ni wako. Ukutani wanaandika usikojoe hapa, sio msikojoe. Karatasi ya mtihani inasema jibu maswali yote na inasomwa na darasa zima.

Maandishi yanamkuta kila msomaji peke yake. Bango halioni umati, linaona macho mawili yaliyosimama mbele yake. Msimamizi wa mtihani akifungua mdomo yeye ndo anauona umati, kwa hiyo anasema jibuni, kalamu chini, acheni kuandika. Kwa hiyo karatasi inasema jibu na msimamizi anasema jibuni, kwenye chumba kimoja, na wote wawili wako sahihi. Meseji ya grupu iko hapo katikati na ndo maana inachanganya watu, kila mmoja anaisoma na simu yake lakini aliyeandika anaongea na kikao. Maoni yangu, iandike kama unaongea na kikao, kwa wingi.

-ni inapachikwa na kwenye salamu?

Kwenye nyingi, ndiyo: karibuni, asanteni, poleni, kwaherini, hongereni. Karibuni ina maana ya pili, siku si nyingi zilizopita, lakini sentensi yenyewe itakwambia ni ipi. Samahani ndo inawadanganya watu, inaonekana kama ina -ni ya wengi tayari. Hapana, hiyo ilikuja nayo kutoka Kiarabu na huko ilikuwa inamaanisha mimi, yaani nisamehe mimi. Kwa hiyo samahani inafaa kwa mmoja na kwa mia. Samahanini ipo midomoni mwa watu, na wakati mwingine inasaidia ukiwa unapita mbele ya bibi watano waliokaa benchi moja.

Nipe mfano wa meseji nzima, imekosewa wapi na inarekebishwaje.

Hii ni ya kamati ya sendofu, jirani yangu aliiandika akanitumia baada ya kuwa ameshairusha, ndo kawaida yake. Nimebadilisha mambo madogo tu:

"Habari zenu wanakamati. Kesho tafadhali fika saa kumi kamili. Njoo na michango yenu. Mhasibu usisahau daftari na usichelewe maana ukumbi unafungwa mapema. Anayekaa karibu na babu msaidie kubeba viti. Naomba nisaidie kuwakumbusha wengine. Asante."

Twende taratibu. "Habari zenu" ni wengi, sawa. "Fika" ni mmoja, ameshateleza, na pamoja na ile tafadhali inasikika kama tangazo la benki. Angeweza kusema fikeni, lakini kwa kamati yenye mashangazi na wajomba ndani yake naomba mfike ni nzuri zaidi. "Njoo na michango yenu", njoo ni mmoja na yenu ni wengi, mguu mmoja ndani mmoja nje. Iwe mje, ikifuata naomba ile ya mwanzo.

"Mhasibu usisahau daftari" iko sawa kabisa, mhasibu ni mmoja na kaitwa kwa cheo chake. Ila "na usichelewe" inamfuata mhasibu huyo huyo. Jirani yangu alikuwa anawakataza wote kuchelewa, sarufi yake ikamkataza mhasibu peke yake. Mhasibu alifika saa kumi kasoro dakika tano. Wengine walianza kuingia saa kumi na moja, sasa siwezi kuapa kwamba ni kosa la sarufi, hii ni Moshi, lakini nilimwonyesha sentensi yake akanyamaza. Katazo la wote lilitakiwa litoke hapo na liwe msichelewe.

"Anayekaa karibu na babu msaidie", hapa haongei na mtu, anaongea kuhusu mtu, kwa hiyo ni amsaidie. Kwa mtu asiye mbele yako unaweka a- yake: amsaidie, alete, afike. Kwa alivyoandika yeye, inasomeka kama anamtuma mtu fulani amsaidie huyo jirani wa babu. "Naomba nisaidie" tumeshaiona, ameomba ruhusa ya kukumbusha watu wakati anataka wao ndo wakumbushe. Iwe mnisaidie. Na asante, kwa wengi, iwe asanteni.

Ikitengenezwa inakuwa hivi:

"Habari zenu wanakamati. Kesho naomba mfike saa kumi kamili mje na michango yenu, na msichelewe maana ukumbi unafungwa mapema. Mhasibu, usisahau daftari. Anayekaa karibu na babu amsaidie kubeba viti. Naomba mnisaidie kuwakumbusha wengine. Asanteni."

Meseji ni ile ile, mambo ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila kitenzi kina mtu wake. Viti vya babu, kwa kumbukumbu tu, siku ile alivibeba babu mwenyewe.

Wazee watatu wamekaa pamoja, shikamoo moja au tatu?

Shikamooni, kwa wote mara moja, inakubalika na utaitikiwa. Lakini huku uchagani kama una muda, na wakikuona una haraka watakuuliza unakimbilia wapi, mpe kila mmoja ya kwake na mkono wake, ukianzia na mkubwa.